Sehemu ya 3: Riba imepanda, rejesho litaongezeka shilingi ngapi?

Haya mama zangu, leo tunaendelea na mikopo. Kwanza soma mkataba. Mikopo mingi ya mshahara tunayochukua sisi watumishi ina riba isiyobadilika, kwa hiyo Benki Kuu ilipopandisha riba yake Aprili 2024 kutoka asilimia 5.5 hadi 6, makato yetu hayakuguswa. Mwenye riba inayobadilika ndiye anayepaswa kushika kalamu.

Jirani yangu wa Mikindani ni mmojawapo. Yeye na mumewe walikopa kumalizia nyumba, miaka 10. Juzi alipata ujumbe: riba inatoka asilimia 15 kwenda 17. Akaja na daftari, roho juu, kwa sababu kuna mtu alishampigia hesabu kwa kutumia fedha yote waliyokopa mwanzo. Hiyo siyo. Deni lililolipwa halitozwi riba tena. Tunahitaji salio la leo na miezi iliyobaki, basi. Yeye salio lake ni milioni 18, miezi 60.

Kwenye jedwali la simu unaandika:

```
=PMT(15%/12,60,-18000000)
=PMT(17%/12,60,-18000000)
```

La kwanza linatoa 428,219, la pili 447,346. Nyongeza ni 19,127 kwa mwezi.

Akashangaa: "Dada nesi, asilimia 2 ya milioni 18 si 360,000 kwa mwaka? Gawa kwa 12, ni 30,000!" Na hajakosea, riba ya mwezi wa kwanza kweli inatoka 225,000 hadi 255,000. Ila rejesho lina vipande viwili, riba na kupunguza deni. Zamani 203,219 zilikuwa zinapunguza deni, sasa mwezi wa kwanza ni 192,346 tu. Yaani sehemu ya zile 30,000 imefichwa humo: deni linaanza kushuka polepole zaidi.

Ndiyo maana miezi iliyobaki ina nguvu sana. Salio hilohilo likiwa limebakiza miaka 15, nyongeza ingekuwa karibu 25,100. Muda ukiwa mrefu, nyongeza inaikaribia ile 30,000.

Sasa mtego. Benki nyingine haigusi rejesho, inarefusha muda. Unaona makato ni yaleyale, unashukuru Mungu. Kwa huyu jirani, akiendelea kulipa 428,219 angemaliza baada ya miezi 64 na kidogo badala ya 60. Ukizijumlisha, nyongeza ya 19,127 kwa miezi 60 ni kama milioni 1.15, lakini kurefusha kunamla karibu milioni 1.86. Wenye kutegemea msimu wa korosho huenda wakapenda kurefusha, siwalaumu, mwezi mkavu ni mwezi mkavu.

Ukipewa rejesho jipya lisilolingana na hesabu yako, omba taarifa ya mkopo, uangalie salio la siku riba ilipobadilika na tarehe ya rejesho la mwisho. Tofauti ya shilingi chache ni mambo ya siku na kukadiria. Ikifika maelfu, uliza kama kuna bima au tozo imeingizwa humo.