Kati ya "tutakuwa" na "tungekuwa"

Anayeanza Kiitaliano hukutana mapema na pala na palla. Pala ni chepe, palla ni mpira, na kinachoyatenganisha ni l moja au mbili. Lakini kwa mtu anayeandika maneno ya rekodi kabla ya kuyatafsiri, maneno hayo hayasumbui sana. Watoto hawachezi chepe uwanjani, wala fundi hachoti mchanga kwa mpira. Sentensi yenyewe inakuongoza. Taabu iko kwenye maneno mawili yanayokaa vizuri katika sentensi ileile.

Hapa Songea, nje ya saa za masomo ya falsafa, ninaandika mafundisho ya mafungo ya padre mmoja mzee kutoka kaskazini mwa Italia. Kiitaliano kinaandikwa kwanza chote kama kilivyosemwa, ndipo tafsiri ianze. Siku moja nilifika kwenye maneno haya kuhusu Roho Mtakatifu: "Senza di lui saremo soli." Au alisema "saremmo soli"? Kwa m moja maana yake ni "Bila yeye tutakuwa wapweke". Kwa m mbili ni "Bila yeye tungekuwa wapweke". Ya kwanza inatuonya kwamba tunaweza kubaki bila yeye. Ya pili inachukulia kwamba tunaye tayari. Zote mbili zinaweza kuhubiriwa.

Kwa kawaida mimi husikiliza kwanza irabu iliyo kabla ya konsonanti. Katika Kiitaliano, irabu yenye mkazo ikifuatwa na konsonanti moja huvutwa kidogo, karibu kama sisi tunavyovuta silabi ya pili kutoka mwisho. Konsonanti ikirudiwa, irabu hukatwa mapema na konsonanti ndiyo inayokaa. Kwa hiyo pala husikika kama "paa-la", na palla kama "pal-la". Sikio la Mswahili limezoea urefu wa irabu, maana kata si kataa, na hapo linapata pa kushika.

Kwa sauti kama t na p kuna msaada mwingine. Fato ni majaliwa, fatto ni tendo. Ukifungua rekodi katika programu ya Audacity, utaona kabla ya t ya fatto mstari wa sauti ukilala bapa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ulimi umeziba hewa. Lakini m haina kimya hicho. Sauti inaendelea kupitia puani, na mstari hauna pengo la kupima.

Kwa hiyo nilimlinganisha padre na yeye mwenyewe. Nilitafuta mahali aliposema Roma, yenye m moja, na aliposema mamma, yenye mbili, nikachagua kila m kwenye mstari wa sauti na kusoma urefu wake. Kwa msemaji wa Italia ya kati ungetegemea m ya mamma iwe ndefu karibu mara mbili. Kwake zilikaribia kulingana. Hilo si ajabu, kwani wasemaji wengi wa kaskazini hufupisha konsonanti zilizorudiwa, kama zilivyo katika lahaja za kwao. Kupunguza kasi ya rekodi hakusaidii hapo, kwa sababu kunarefusha vyote kwa pamoja na uwiano unabaki uleule.

Sauti iliponyamaza, nilihamia kwenye sarufi. Mara nyingi sharti hutoa jibu. "Se avremo fede, saremo liberi" ni "Tukiwa na imani, tutakuwa huru". "Se avessimo fede, saremmo liberi" ni "Tungekuwa na imani, tungekuwa huru". Ukisikia avessimo, unajua kwamba inayofuata ni saremmo, hata kama msemaji ameifupisha m. Lakini padre hakutumia "se". Alisema "senza di lui", na maneno hayo yanakubali yote mawili.

Jibu lilikuwa katika sentensi iliyofuata: "E invece non siamo soli", yaani "Kumbe sivyo, hatuko wapweke". Neno invece linakanusha jambo lililodhaniwa tu. Basi kilichotangulia ni dhana, nayo huchukua m mbili. Niliandika saremmo, na pembeni nikaweka dakika ya rekodi pamoja na sababu, ili atakayetafsiri ajue kwamba m ya pili imetokana na hoja, wala si na sikio.

Kama sentensi ile isingekuwepo, ningeacha maneno yote mawili, "saremo/saremmo", yakiwa na alama ya kuuliza, nikampelekea mtu anayemfahamu padre kwa sauti yake. Mwandishi wa rekodi akichagua kimyakimya, mtafsiri hatajua kamwe kwamba palikuwa na njia panda.