Gemu limefungwa, nani kalifunga?

Wadau, mdogo wangu alikuwa fainali, dakika ya 80, anaongoza mbili bila. Mama akapiga simu kuomba picha ya risiti ya umeme. Dogo kapokea, kafungua WhatsApp, kapiga picha, katuma. Anarudi uwanjani anakuta nembo ya gemu inaanza upya, na fainali haijachezwa! Akanilalamikia kwamba gemu ni bovu.

Gemu halina ubovu. Simu yake ina RAM ya 2GB, na sehemu kubwa inaliwa na mfumo wenyewe. Android ina mlinzi anayeitwa `lmkd`. Kila programu iliyo wazi ina namba: uliyonayo mbele ya macho ni 0, uliyotoka muda huu huu kwa kawaida ni 700, na zilizolala nyuma huanzia 900. Nafasi ikibana, mlinzi anaanza kuua wenye namba kubwa. Kwa hiyo simu ya mama peke yake haikuwa na madhara. Kilichomponza dogo ni kupitia WhatsApp halafu kamera: gemu likasukumwa nyuma hadi kundi la waliolala, na kamera ni mlafi, inataka nafasi kubwa kwa mara moja.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Ukitoka kwenye gemu, Android hulijulisha kwamba linaondoka mbele, na hapo ndipo linapopaswa kuandika maendeleo yako kwenye hifadhi ya simu. Likija kuuawa baadaye halipewi taarifa yoyote. Kisichoandikwa kimekwenda. Magemu mengi ya mpira huandika mechi ikiisha tu, ndiyo maana katikati ya mechi hakuna cha kurudishiwa.

Utajuaje la kwako liko kundi gani? Lijaribu mapema, ukiwa huna cha kupoteza. Cheza kidogo, bonyeza kitufe cha nyumbani, nenda Settings, tafuta gemu hilo kwenye orodha ya programu, bonyeza `Force stop`, kisha lifungue tena. Hicho ni kifo kilekile, ila umekipanga wewe. Ukikuta ulipoachia, salama. Ukirudishwa mwanzo wa mechi au hatua, basi usitoke kabla haijaisha. (Tafadhali usiguse `Clear storage` hapo jirani, hiyo inafuta data yote ya gemu hilo iliyomo kwenye simu!)

Lile kufuli la kwenye orodha ya programu za karibuni, ambalo baadhi ya simu zinalo, husaidia ukibonyeza kufuta zote kwa mpigo. Mlinzi mwenyewe RAM ikimwishia mara nyingi halijali. Dawa ya dogo ni nyepesi zaidi: kufunga programu nyingine kabla ya kuanza fainali, na mama akitaka risiti, aombe dakika kumi.