Kumtembeza mjomba kwenye Blender

Kimya changu kina sababu: kwa wiki mbili nimekuwa nikimfundisha mtu mmoja kutembea. Mtu mwenyewe ana pembetatu 420 tu, hana macho wala vidole, na yumo ndani ya gemu ndogo ninayoitengeneza usiku nikitoka kazini.

Nimemchonga kwa mfano wa mjomba wangu wa hapa Garissa. Miaka mingi alileta mifugo sokoni kwa miguu kutoka pande za Modogashe. Siku hizi magoti yamemshinda, anakaa kivulini na chai yake. Nilibahatika kumpiga video kwa simu zamani kidogo, akitembea na kikoi chake, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inizwa juu yake. Nilitaka mwendo ule usipotee.

Nilianza na pozi la mguso: kisigino cha mbele kinagusa ardhi, vidole vya nyuma bado havijainuka. Kikoi hakimruhusu mtu kupiga hatua ndefu, kwa hiyo nilimpa hatua ya sentimita 60, yaani 30 mbele ya nyonga na 30 nyuma. Mguu wake una urefu wa sentimita 90. Ukitanua miguu hivyo, hesabu ya pembetatu inakuambia nyonga zishuke kama sentimita 5. Usipozishusha, miguu itaelea.

Pozi la pili ni la kupishana. Mguu mmoja umenyooka chini ya mwili, nyonga ziko juu kabisa, na mguu wa pili unapita kando yake goti likiwa limekunjwa. Mguso niliuweka fremu ya 1, kupishana fremu ya 7. Nusu ya pili sikuichora. Ukiwa umeipa mifupa majina yanayoishia `.L` na `.R`, unachagua mifupa yote, `Ctrl+C`, kisha `Ctrl+Shift+V`, na Blender inageuza kulia kuwa kushoto. Hivyo mguso wa upande wa pili ukakaa fremu ya 13, kupishana 19, na fremu ya 25 ni nakala ya ile ya 1. Mwisho wa mzunguko niliuweka 24, maana ukicheza na 25 pozi moja linaonekana mara mbili na mtu anakwama kidogo.

Nilipomwonyesha mjomba, aliangalia kidogo akasema, "Huyu anateleza kama amekanyaga matope. Halafu amekaza mwili kama askari wa gwaride."

Jamani, makosa yote mawili aliyaona bila kujua kompyuta.

Kuteleza kulikuwa kosa la hesabu. Hatua mbili za sentimita 60 ni mita 1.2, na fremu 24 kwangu ni sekunde moja. Kwa hiyo anatembea mita 1.2 kwa sekunde, lakini mimi kwenye gemu nilikuwa namsukuma mita 2. Tena mguu uliokanyaga lazima urudi nyuma kwa kasi moja, sentimita 5 kila fremu, nao wangu ulikuwa unaanza polepole, unakimbia, halafu unapunguza. Nilibadilisha vituo vya mguu huo, fremu ya 1 hadi 13, kuwa `Linear`. Njia ya kupima ni kuweka jiwe dogo chini ya kisigino: jiwe na kisigino visiachane mpaka mguu uinuke.

Gwaride nalo lilitokana na kila kiungo kufika mahali pake kwenye fremu moja. Hapa ndipo pozi la kuchelewa linapoingia. Mguu wa kushoto ukiwa mbele, bega la kulia huja mbele, ila huchelewa kidogo nyuma ya nyonga. Mjomba hapungi mikono, kwa hiyo msokoto huo wote unaonekana kwenye ncha za fimbo. Nilichagua vituo vya kifua, mikono na fimbo nikavisogeza fremu 2 mbele (`G`, `2`, `Enter`), na ncha ya kilemba fremu 4. Mwanzo wa mzunguko ukabaki na pengo, mabega yakawa yanaruka kila sekunde. Dawa yake ni `Shift+E` kwenye `Graph Editor`, kisha `Make Cyclic`. Miguu usiicheleweshe kamwe, kwa sababu ardhi haimsubiri mtu.

Jana jioni nilimpelekea tena. Alishika simu kwa mikono miwili, akatazama mzunguko ule ukijirudia mara nyingi, kimya. Kisha akanirudishia na kuuliza, "Na ngamia wako wapi?"

Haya. Miguu minne, wasomaji. Niombeeni.