Siki na Bekingi Soda Katika Mashine ya Kufulia

Dada zangu wasomaji, kila tunapokaa pamoja wanawake, iwe harusini au katika arubaini ya mtoto, hapakosi wa kusifu siki na bekingi soda. Wifi yangu aliyasadiki. Kwa muda wa miezi akimimina nusu kikombe cha siki na vijiko viwili vya bekingi soda juu ya nguo, kila mfuo, na sabuni ya unga akaipunguza. Kanzu za mumewe zikawa na rangi ya kijivu, mashine ikanuka uvundo, naye akawa anatafuta mnunuzi.

Ijaribu mwenyewe katika bakuli. Kijiko kimoja kikubwa cha bekingi soda, ukimiminia siki ya kawaida, humalizwa nguvu na kiasi cha mililita 200, yaani kikombe kimoja hivi. Povu lile linalotupendeza ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka. Likishatulia, kilichobaki ni maji yenye chumvi iitwayo aseteti ya sodiamu, isiyoondoa taka wala chokaa. Siki ni asidi, bekingi soda ni kinyume chake, na viwili hivyo vikikutana kila kimoja humwua mwenzake. Kama kipimo kimoja kimezidi, ni ziada hiyo tu itakayofanya kazi.

Kila kimoja peke yake kina faida, ila ndogo. Bekingi soda hupunguza harufu ya jasho, kwa kuwa harufu hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na asidi. Lakini sabuni nyingi za unga tayari zina kaboneti ya sodiamu, jamii ya magadi yachimbwayo Ziwa Magadi, ambayo ni kali zaidi kuliko bekingi soda. Kuongeza dhaifu juu ya kali hakuleti mengi. Siki nayo, ikitiwa katika maji ya mwisho ya kusuuza, huondoa mabaki ya sabuni na kulegeza taulo zilizokakamaa. Ikitiwa pamoja na sabuni tangu mwanzo, huivunja nguvu.

Tena kuna jambo la maji yetu. Wengi wetu huku pwani twatumia maji ya kisima yaliyopita katika mwamba wa matumbawe, nayo hujaa chokaa. Nusu kikombe cha siki katika lita 15 za maji ni kama sehemu moja kwa 150, na chokaa iliyomo majini huila sehemu kubwa ya asidi hiyo kabla haijagusa nguo.

Fundi alipoifungua mashine ya wifi, hapakuwa na ajabu. Katika mikunjo ya mpira wa mlango palikuwa na utelezi mweusi, na nyuma ya pipa utando wa kijivu wa sabuni iliyoganda na mafuta ya mwili. Koili ya kupashia maji ilikuwa na ukoko wa chokaa, kama ule wa ndani ya birika. Chanzo kilikuwa mifuo mifupi ya maji baridi, sabuni isiyotosha kwa maji magumu, na mlango unaofungwa punde nguo zinapotoka.

Alifuta mpira, akasafisha chujio, akaendesha mashine tupu kwa maji ya moto ya nyuzi 90 na sabuni ya unga. Kisha, kwa ajili ya ukoko, akatia gramu 100 za asidi ya sitriki, ule unga wenye ukali wa ndimu, na kuiendesha tupu tena kwa nyuzi 60. Siki angehitaji nyingi mno, na watengenezaji kadhaa huonya kwamba ikizoeleka huharibu mpira. Wifi alirudisha kipimo kamili cha sabuni, akafua kanzu za pamba kwa nyuzi 60, na mlango akauacha wazi. Kufikia mfuo wa nne weupe ulianza kurudi.

Kuhusu leso mpya, siki na chumvi haviishiki rangi yake. Asidi husaidia rangi za sufu na hariri zinapotiwa, ila leso ni pamba, na rangi iliyozidi haina budi kutoka. Ioshe peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe.

Na jiki usiikutanishe na siki kamwe, hata katika droo ya sabuni. Hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ukisikia harufu hiyo kali, toa watoto nje, fungua madirisha, na usirudi mpaka hewa itulie.