Hapana Isiyovunja Heshima

Mchuuzi alimkuta katika Uwanja wa Duomo, Milano, akitazama minara ya kanisa kuu. "Sorella, Africa!" alimwita, yaani dada, Afrika, huku akimwonyesha bangili za nyuzi za rangi. Mwanamke huyo, mwalimu kutoka Mombasa, aliona haya kumkatalia mtu aliyemwita ndugu. Akajibu kama alivyolelewa: "Forse dopo," labda baadaye.

Kwao, jibu hilo ni hapana iliyovishwa nguo. Muuza kahawa akiambiwa "baadaye, inshallah" hujua kwamba biashara imekwisha, wala hakuna aliyeaibika. Kwa mchuuzi wa Milano, maneno hayo yalikuwa miadi. Alipotoka kanisani baada ya saa nzima, alimkuta akimngoja, bangili mkononi. "Ulisema baadaye," alimkumbusha bila ukali. Ndipo alipotambua kwamba upole wake ulikuwa umemla mwenzake muda wa kazi.

Jirani yake, bibi wa Kitaliano, alimrekebisha. Jibu la kwanza ni "No, grazie", na lile "no" lisiachwe, kwa kuwa "grazie" peke yake mbele ya kitu unachopewa huweza kusikika kama kukubali. Hutamkwa mara moja, kwa kumtazama mtu usoni, bila kusimama. Mikono ikunjwe, kwani bangili ikishafungwa kifundoni na kuitwa "regalo", zawadi, malipo huombwa baadaye. Ikifungwa, ifunguliwe papo hapo na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe, isitupwe chini.

Akishikilia, husemwa "La ringrazio, ma non compro niente": nakushukuru, lakini sinunui kitu. Heshima imo katika lile "La". Kitaliano kina "tu" ya watu waliozoeana na "Lei" ya heshima, na wenyeji wengi humtupia mchuuzi Mwafrika "tu" wasiyoweza kumwambia karani wa benki. Kiswahili humwambia kila mmoja "wewe", kikaibeba heshima kwa ndugu, bwana, mama. Asiyejua tofauti hiyo huweza kumdharau mtu kwa sarufi tu, hata sauti yake ikiwa laini.

Juma lililofuata alipita tena uwanjani. Mchuuzi yuleyule alimjia. Akakataa mara ya kwanza, kisha ya pili. Mara ya tatu alisema, "Le ho già detto di no," nimekwisha kukuambia hapana, na bila kupunguza mwendo akaongeza, "Buon lavoro," kazi njema, salamu ambayo Waitaliano humpa mtu aliye kazini.

Kijana alisita, akaishusha bangili. "Grazie, signora," alijibu, akamgeukia mpita njia mwingine. Safari hii hakumwita dada, naye hakumngojesha.