Futeni Jedwali la Asubuhi

Nilipoanza kazi ya famasi mwaka 2011, kosa la mwenzako ulilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nje ya chumba cha ripoti ya asubuhi palikuwa na ubao wa matangazo, na kila kitu kilibandikwa hapo: zamu, orodha ya dawa zilizoisha stoo, maelekezo ya dozi. Ukiona kosa, ulichomoa kalamu, ukakata, ukaandika lililo sahihi juu yake, na wote waliopita waliona wino mwekundu na mwandiko wa nani umekatwa. Nilipenda kazi hiyo. Nilijiona mlinzi wa wagonjwa.

Mzee wetu wa stoo, aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, hakuwahi kugusa ubao ule kwa wino. Alibandua karatasi, akaikunja, akakufuata hadi ulipo. "Mwanangu, hebu isome tena hii." Kisha akaondoka bila kungoja jibu. Ripoti ilipokwisha ungeikuta karatasi mpya ubaoni, kwa mwandiko wa mwenyewe. Mimi nilimwona mpole kupita kiasi.

Ubao ukafa wenyewe lilipokuja kundi la WhatsApp. Mwanzoni tulikuwa watu kumi na wachache, baadaye wakaunganishwa na wenzetu wa vituo vya afya, tukapita sitini. Nami nikaihamishia kalamu yangu nyekundu humo.

Mwaka 2016 tabibu mmoja kijana aliandika kundini kwamba mtoto mwenye kuhara apewe zinki miligramu 20 kwa siku. Kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea ni kweli. Aliye chini ya miezi sita hupewa 10, yaani nusu ya kile kidonge. Badala ya kusema hivyo tu, niliandika: "Tusome mwongozo kabla ya kuandika, ndugu zangu. Chini ya miezi sita ni 10!" Watu wakashukuru, wengine wakatuma vikaragosi vya kucheka. Yeye hakujibu. Dozi ilisahihishwa, na mimi nikalala vizuri.

Kijana yule hakuandika tena kitu kundini mwaka ule. Sikuliwaza jambo hilo mpaka Aprili iliyofuata, tulipokuta kwenye rafu za wodi makatoni mawili ya dawa ya maji ya paracetamol iliyoisha muda tangu Machi. Katika orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda, ambayo nilikuwa nimeituma mwenyewe kundini, niliandika Mei. Tulipokuwa tukiyatoa makatoni, yule tabibu alipita, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba aliiona tofauti hiyo tangu Februari, maana alikuwa ameshika chupa mkononi siku nilipotuma orodha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilijua mwongozo unausoma wewe, kaka."

Sikuwa na la kumjibu. Lakini kilichonichoma zaidi baadaye ni hesabu yenyewe: kosa langu lilikaa wazi mbele ya watu zaidi ya sitini kwa majuma kadhaa, na mtu aliyeliona alikuwapo.

Basi nikaanza kumwiga mzee wa stoo, ingawa kwa kiherehere cha mwongofu. Kila kosa nikawa nalipeleka chemba. Hilo nalo lina shimo lake, na nilitumbukia. Unamwandikia mtu peke yake, anajibu "sawa, asante," mnaachana kwa amani, na kundini lile kosa linabaki vilevile. Yule mmoja tu ndiye aliyerekebishwa. Wale sitini wamebaki nalo. Mzee wa stoo hakuishia kukunja karatasi. Alihakikisha karatasi mpya imebandikwa.

Siku iliyoniweka sawa ni ya mwaka 2019, msimu wa mvua, wodi ya watoto ikiwa imejaa. Sista mkuu wa wodi ile, dada aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alimaliza zamu ya usiku, na kabla ya kwenda kulala akatuma kundini jedwali safi la artesunate ya sindano kwa malaria kali. Ilikuwa saa 2:10 asubuhi. Jedwali lilikuwa zuri: uzito wa mtoto upande mmoja, mililita upande wa pili, muda wa dozi chini yake, yaani ya kwanza, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24, kisha moja kila siku. Tatizo ni kwamba watoto wote walikuwa wamehesabiwa miligramu 2.4 kwa kilo.

Hicho ndicho kipimo tulichofundishwa. Lakini mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikibadilisha kwa wenye uzito chini ya kilo 20: hao hupewa miligramu 3 kwa kilo, kwa kuwa ilionekana kwamba kwa 2.4 dawa inayofika katika damu ya mtoto mdogo ni kidogo kuliko inayofika kwa mkubwa. Wa kilo 20 na kuendelea wanabaki kwenye 2.4. Chukua mtoto wa kilo 10. Kichupa cha miligramu 60 kikishachanganywa kwa ajili ya mshipa huwa mililita 6, kila mililita ina miligramu 10. Kwa jedwali la dada, mtoto huyo angepata mililita 2.4. Anastahili 3. Amepungukiwa moja ya tano ya dawa, na ana malaria kali.

Nililiona saa 3:20. Kidole kilikuwa tayari kwenye sehemu ya kujibu, nasema kweli. Kisha nikajiuliza hatari iko wapi. Haikuwa kundini. Ilikuwa kwenye bomba la sindano la muuguzi aliyekuwa zamu wakati ule. Nikampigia huyo kwanza. Alikuwa na watoto watatu kwenye artesunate, dozi ya karibu zaidi ilikuwa ya saa 6 mchana, na wote walikuwa chini ya kilo 20. Nikamsomea mililita za kila mmoja, akazirudia, akaandika kwenye faili. Wodi yetu ikawa salama kabla sijamwandikia mtu yeyote.

Halafu nikamwandikia dada, peke yake:

"Shikamoo dada. Pole na zamu. Kwenye jedwali la artesunate naona chini ya kilo 20 imehesabiwa kwa 2.4, mwongozo wa sasa ni 3. Nimeambatisha ukurasa. Inawezekana kuna kitu sikioni, niambie. Wodini nimeshawapigia. Kwa sababu ya vituo, nisipokupata hadi saa 3:45 nitaweka kundini jedwali jipya, bila maelezo mengine."

Kila sentensi pale niliipima. Ukurasa niliuambatisha ili asilazimike kuniamini mimi. Neno "inawezekana" halikuwa adabu tu, kwa maana nimewahi kumsahihisha mtu ambaye alikuwa sahihi, na chemba aibu hiyo ilikuwa yangu peke yangu. Na saa niliitaja ili akiamka asione kwamba nimemzunguka.

Nikapiga simu mara mbili. Haikupokelewa, alikuwa amelala, haki yake.

Kuna mtu atauliza kwa nini nilingoja hata hizo dakika ishirini wakati mtoto angeweza kufikishwa kwenye kituo chochote dakika hiyohiyo. Swali la haki. Nilipima kosa lenyewe: dozi pungufu kwa moja ya tano, inayoweza kuongezwa muda mfupi baadaye kwa simu moja. Ingekuwa insulini iliyoandikwa mara kumi ya kiasi chake, nisingengoja hata dakika moja. Ningeandika kundini papo hapo, kisha ningemtafuta mwenyewe na kumwomba radhi. Muda wa kumngoja mtu chemba hukatwa na kosa lenyewe. Cheo au umri wake haviingii hapo.

Saa 3:45 niliweka hiki kundini:

"MAREKEBISHO: Artesunate ya sindano, malaria kali. Chini ya kilo 20: miligramu 3 kwa kilo. Kilo 20 na kuendelea: miligramu 2.4 kwa kilo. Jedwali jipya hili hapa, lina tarehe ya leo juu. Futeni jedwali la asubuhi (saa 2:10, lenye kichwa cha bluu), pamoja na nakala zilizohifadhiwa kwenye simu. Aliyetoa dozi leo kwa jedwali hilo anipigie."

Hakuna jina humo, wala "mwenzetu aliteleza," wala alama ya mshangao. Hata lile la asubuhi sikulijibu moja kwa moja, kwa kuwa ukijibu ujumbe wa mtu, jina lake linatokea juu ya maneno yako. Lakini jedwali lenyewe nililitaja kwa saa na rangi, maana marekebisho yasiyosema yanarekebisha nini hayamsaidii aliyeshika nakala mbovu. Siku hizi WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri maneno yake ndani ya dakika 15, au kuufuta ujumbe kwa wote kwa siku mbili na ushei. Ni msaada, ila picha iliyokwisha kusambazwa kwenye kundi jingine haiguswi na ufutaji huo. Ujumbe ukitoweka kimyakimya, aliyepiga picha skrini anabaki na kosa na hana pa kujua.

Nikafungua taarifa za ujumbe kuona nani amesoma. Zile tiki katika kundi hazigeuki bluu mpaka wote wasome, kwa hiyo ukizitazama hivihivi hazikuambii lolote. Kufikia saa 5 vituo viwili havikuwa na hata msomaji mmoja. Nikavipigia. Kimoja kilikuwa kimempa mtoto dozi ya kwanza kwa jedwali la asubuhi. Tukazungumza na tabibu wao na kiasi kilichopungua kikaongezwa.

Dada aliamka saa 7 mchana. Alisoma ujumbe wangu wa chemba kabla ya kufungua kundi, na ndivyo nilivyotaka. Hakunijibu mimi. Aliandika kundini: "Jedwali la asubuhi nililinakili kutoka bango la ukutani wodini. Bango ni la zamani. Nakuja kulibandua."

Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo kalamu nyekundu isingenipa hata siku moja. Bango! Lilikuwa ukutani juu ya meza ya kuchanganyia dawa, limechapwa kabla ya 2015, na mimi nilikuwa nimepita chini yake mara zisizo na idadi. Laiti ningeandika "tusome mwongozo," dada angekaa kimya kama yule tabibu wa zinki, na bango lingeendelea kuwafundisha wauguzi wapya waliokuja baada yake. Jioni ile alilibandua kwa kisu cha plasta. Juma lililofuata vituo vitatu vilituma picha za ukuta wao, na bango lilikuwa lilelile.

Kama mahali unapofanyia kazi bado kuna bango la artesunate lenye 2.4 peke yake kwa kila uzito, libandue leo. Na aliyelinakili, mwandikie chemba.