Alama ya Kosa kwenye Jibu Sahihi

Swali nililitunga mwenyewe: mwanafunzi atafute log(2/1) + log(3/2) + log(4/3), hadi kipande cha n, kisha aeleze jumla itakuwaje n ikizidi kukua. Binti mmoja aliandika mistari miwili tu: jumla ni log(n + 1), nayo haina kikomo. Mstari wa kwanza nikampa alama. Wa pili nikautia kalamu nyekundu.

Alikuja na daftari lake. "Mwalimu, naomba unionyeshe nilipokosea."

Nikamwambia vipande vinazidi kuwa vidogo hadi vinakaribia sifuri, kwa hiyo jumla lazima isimame mahali. "Sawa, mwalimu," akasema, akaondoka.

Usiku nilikaa kuandaa masahihisho. Nilitaka kuandika namba ambayo jumla haivuki, na sikuipata. Nikachukua kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, nikajumlisha kwa mkono: 0.3010, 0.1761, 0.1249, 0.0969, na kuendelea. Kipande cha tisa, log(10/9), ni 0.0458. Jumla ikafika 1.0000 kamili.

Hapo ndipo nilipousoma vizuri mstari wake wa kwanza, ule niliokwisha kuupa alama. Kujumlisha logi ni kuzidisha namba zenyewe. Ukizidisha 2/1 kwa 3/2, ile 2 ya juu inakatana na 2 ya chini, inabaki 3. Zidisha kwa 4/3, inabaki 4. Kila sehemu inafuta iliyoitangulia, na mwishoni inabaki n + 1 peke yake. Vipande tisa vinatoa logi ya 10, yaani 1. Ili kufika 2 unahitaji vipande 99, kufika 3 unahitaji 999, kufika 4 unahitaji 9,999. Safari inazidi kuwa ndefu, lakini taja namba yoyote, itafikiwa na kupitwa.

Kilichonidanganya kilikuwa kwenye kitabu kilekile. Kipande cha 9,999 ni log(10000/9999), kama 0.00004. Jedwali la tarakimu nne linakiandika 0.0000. Anayeliamini ataona jumla imesimama, kumbe ni jedwali lililoishiwa nafasi. Vipande kukaribia sifuri ni sharti la jumla kuwa na kikomo, lakini sharti hilo peke yake halitoshi.

Kesho yake niliandika hesabu yote ubaoni, kuanzia 2/1, nikakata namba moja baada ya nyingine mbele ya darasa. Kisha nikasema aliyekosea ni mimi, nikamwomba binti yule daftari lake.

Alinipa. Chini ya kalamu yangu nyekundu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: "Basi ikomee wapi?"